Kapsheni Tatu za Kuwaita Maharusi Waje Kutazama Ukumbi: Ipi Ikufae?

Umeshapanga wikiendi ya kuufungua ukumbi ili maharusi watarajiwa waje kuutazama. Picha nzuri unayo. Kilichobaki ni maneno ya chini ya picha, na hapo ndipo wenye kumbi wengi hukwama: waandike bei yote, au waseme "bei inboksi"? Waseme watu 300 au 360? Malipo ya awali yatajwe, au yatafukuza watu kabla hawajaona hata mlango?

Nimeandika kapsheni za namna hii kwa miaka kadhaa hapa Dar es Salaam, na simu zake nimezipokea mwenyewe, kwa hiyo najua kila mtindo unaleta maswali gani Jumatatu asubuhi. Hapa naziweka tatu kando kwa kando. Zote ni za ukumbi mmoja wa mfano, tuseme uko Goba, wenye upana wa mita 18 na urefu wa mita 30. Bei nazo ni za mfano, weka zako.

Nitazipima kwa mambo manne: zinavyotaja idadi ya watu, zinavyoeleza vifurushi, zinavyosema kuhusu malipo ya awali, na kazi zinazokuachia baada ya kubandika. Urembo wa maneno sikuupima. Maharusi hawakodi ukumbi kwa sababu ya methali.

Kapsheni zenyewe

Ya kwanza ni fupi:

"Desemba haiko mbali! Maharusi watarajiwa, karibuni mtazame ukumbi wetu Goba, Jumamosi 9 na Jumapili 10 Mei 2026. Tunachukua hadi watu 360. Vifurushi vitatu. Kwa bei na tarehe zilizobaki, njoo inboksi."

Ya pili inaweka kila kitu mezani:

"Ukumbi wa watu 300 kwa meza za duara, Goba. Ukumbi na viti: Sh 3,500,000. Ukumbi na mapambo: Sh 6,500,000. Ukumbi, mapambo, chakula na vinywaji: Sh 45,000 kwa mtu, kuanzia watu 200. VAT imo. Sh 1,000,000 inashika tarehe, salio siku 14 kabla ya harusi. Njooni mtazame Jumamosi 9 na Jumapili 10 Mei 2026, saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni."

Ya tatu inauza siku ya kutazama zaidi ya ukumbi wenyewe:

"Jumamosi 9 Mei mtaukuta ukumbi umepambwa. Jumapili 10 Mei mtaukuta mtupu, na tutawapangia meza mbele ya macho yenu. Njooni na mwenyekiti wa kamati na hesabu ya kadi zenu, za mtu mmoja na za wawili. Vifurushi vitatu, kuanzia Sh 3,500,000 kwa ukumbi na viti tu. Siku hiyo hatupokei hela: tarehe mtakayoipenda tunawashikilia hadi Ijumaa 15 Mei, ndipo mlipie Sh 1,000,000. Goba, saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni."

Zote tatu zimetaja tarehe kamili badala ya "wikiendi hii". Hilo si la kuchagua. Kapsheni hunakiliwa, ikaingia kwenye stetasi ya WhatsApp ya shangazi wa bi harusi, ikasomwa wiki moja baadaye. "Wikiendi hii" ya shangazi ni nyingine kabisa, na wewe utakuwa na harusi ya watu ndani.

Idadi ya watu

Hapa ndipo kapsheni nyingi hudanganya bila mwandishi kujua. Ukumbi wetu una mita za mraba 540. Ukipanga viti kwa mistari kama kanisani, kila mtu anakula chini ya mita moja ya mraba, na mwenye ukumbi anaweza kuapa kwamba watu 500 na zaidi wanaenea. Ni kweli wanaenea. Lakini harusi haikai hivyo.

Jukwaa la maharusi, meza kuu, dijei na mshereheshaji huchukua upande mzima wa mbele, kina cha mita 5 hivi, yaani mita za mraba 90. Meza za chakula na foleni yake zinataka kama 60. Njia ya katikati wanayoingilia maharusi, ambayo baadaye ndiyo uwanja wa kucheza na kupeleka zawadi, ikiwa na upana wa mita 3 inamaliza nyingine 75. Zinabaki 315. Meza ya duara ya watu 10, pamoja na viti vilivyovutwa na upenyo wa mhudumu, inataka mita za mraba 10. Ni meza 31, watu 310. Ukitoa chakula nje kibarazani unazirudisha zile 60, zinaingia meza 6 zaidi, na unafika 370 kwa kubanana au 360 kwa adabu.

Sasa tazama kapsheni zinavyotumia namba hizi. Ya kwanza imesema "hadi watu 360". Si uongo, ila imeficha kibaraza. Chukua maharusi wa mfano ambao kamati yao imepanga kadi 200. Ukisikia kadi 200 unadhani ni watu 200. Lakini kadi 120 kati ya hizo ni za wawili na 80 ni za mtu mmoja, kwa hiyo ni watu 320. Wakisoma 360 wanafurahi na kuja. Wakifika wanaambiwa kwamba kwa watu 320 chakula lazima kiwe nje, na harusi yao ni ya Desemba, wakati mvua za vuli bado zinaweza kunyesha. Hapo linazaliwa swali la turubai ambalo hukuliandaa.

Ya pili imesema 300 kwa meza za duara. Ni namba salama, na maneno "meza za duara" yanamwambia msomaji makini kwamba mwandishi amehesabu kweli. Hasara yake ni kwamba wale maharusi wa watu 320 wataipita, kumbe wangeenea.

Ya tatu haikutaja namba kabisa, imewaomba waje na hesabu ya kadi. Kwa maharusi ambao tayari wana kamati, hii ndiyo yenye heshima kuliko zote, kwa kuwa mazungumzo yanaanza na idadi yao. Kwa waliochumbiana juzi na hawajaandika hata jina moja la mgeni, inawaacha gizani, na ni rahisi waende kwa jirani aliyeandika namba.

Ukitaka kuitengeneza ya kwanza bila kuirefusha, badilisha neno moja tu: "watu 300 ndani, 360 chakula kikiwa kibarazani". Nimeona maneno hayo yakipunguza ugomvi wa mlangoni.

Vifurushi

Kapsheni fupi inasema "vifurushi vitatu" na kunyamaza. Faida yake ni kwamba unazungumza bei na mtu mmoja mmoja, na unaweza kuuliza kwanza tarehe na idadi ya watu ndipo useme. Harusi ya Alhamisi na ya Jumamosi ya mwezi wa kumi na mbili hazina sababu ya kuwa na bei moja. Hasara yake inajulikana kwa kila mtu anayetumia Instagram hapa nchini: "bei inboksi" imechosha watu. Wengi wanaisoma kama "bei inategemea umevaa nini".

Bei wazi inachuja. Mwenye bajeti ya milioni mbili hatakuja kukupotezea Jumamosi, wala wewe hutampotezea yake. Tatizo ni kwamba bei iliyoandikwa bila muktadha inalinganishwa vibaya. Rudi kwa maharusi wetu wa watu 320. Kwa kifurushi kamili, Sh 45,000 mara 320 ni Sh 14,400,000. Wakiiona wanashtuka, wanaona bora wachukue ukumbi na mapambo kwa 6,500,000, chakula wamlete mpishi wanayemjua. Tuseme mpishi huyo anataka Sh 22,000 kwa sahani. Hiyo ni 7,040,000. Ukumbi unatoza 500,000 kwa kuleta mpishi wa nje, kwa ajili ya maji, jiko na usafi. Jumla ni 14,040,000, na vinywaji bado. Tofauti iliyobaki ni 360,000, na kwa watu 320 hiyo ni kama Sh 1,100 kwa kila mgeni, haifikii hata soda mbili.

Hesabu hiyo huwezi kuiweka kwenye kapsheni. Unaweza kuifanya na watu wakiwa wamekaa mbele yako, karatasi na kalamu mezani, na hapo ndipo ya tatu inapata nguvu: inataja bei ya chini tu na kueleza ni ya nini, "ukumbi na viti tu", kisha inaacha mengine kwa siku ya kutazama. Lile neno "tu" usilifute. Nimewahi kuona kapsheni ya ukumbi mmoja imeandikwa "kuanzia 3,500,000" bila maelezo, na familia ikaja na mama wa bwana harusi akiuliza kama kwenye hiyo bei ndafu imo.

Jambo la kuingiza katika mtindo wowote ni gharama moja isiyoonekana ambayo ukumbi wako unatoza. Sehemu nyingine ni ya mpishi wa nje, sehemu nyingine ni ya kuingiza vinywaji vyako mwenyewe, au dizeli ya jenereta umeme ukikatika, au saa za ziada kupita saa 6 usiku. Usizitaje zote, kapsheni itageuka kuwa mkataba. Taja ile inayokuletea ugomvi mara nyingi.

Malipo ya awali

Wengine huita adivansi, wazee wa pwani walisema arabuni. Vyovyote, ni fedha inayoondoa tarehe sokoni, na msomaji anataka kujua mambo mawili tu: ni kiasi gani, na nikighairi inakuwaje.

Kabla ya kuchagua mtindo, chagua kwanza kati ya asilimia na kiasi kimoja. Asilimia 30 ya harusi yetu ya mfano ni Sh 4,320,000. Kwa mwezi wa tano, kwa harusi ya Desemba, fedha hiyo karibu haipo. Harusi zetu nyingi zinaendeshwa kwa michango, na michango haiingii kwa utaratibu wa ukumbi: ahadi ni nyingi mwanzoni, hela nyingi zinakuja wiki za mwisho baada ya kamati kupiga simu hadi watu wakome. Malipo ya awali kwa kawaida yanatoka mfukoni mwa maharusi wenyewe au mzazi mmoja. Ndiyo maana kapsheni ya pili na ya tatu zimeweka Sh 1,000,000 bila kujali kifurushi. Isitoshe, asilimia inahitaji idadi ya watu, na idadi bado haijulikani.

Kapsheni ya kwanza haisemi lolote kuhusu malipo. Kwa ukumbi ambao Jumamosi zake zinagombewa, si kosa, kwa kuwa anayekuja inboksi tayari anaujua na anachouliza ni tarehe. Kwa ukumbi mgeni, ukimya huo unatia shaka.

Ya pili inasema kiasi na siku ya salio. Ni safi, lakini inavuta watu wanaotaka kulipa kabla ya kuona, na hapo kuna hatari mbili. Ya kwanza ni wawili kulipia tarehe moja wikiendi hiyo hiyo, mmoja kwa simu na mwingine ofisini. Daftari la tarehe liwe moja na lishikwe na mtu mmoja, na kapsheni au jibu lako liseme kwamba tarehe haijashikwa mpaka risiti itoke. Ya pili ni matapeli. Picha za ukumbi ni rahisi kunakili, na mtu akifungua ukurasa unaofanana na wako akaweka namba yake ya simu, maharusi watalipa na kukujia wewe. Kwa hiyo usiandike namba ya malipo ndani ya kapsheni. Sema malipo yanafanyika ofisini kwa lipa namba ya ukumbi, ambayo kabla ya kuthibitisha inaonyesha jina. Mlipaji akiona jina la mtu badala ya ukumbi, asimamishe hapo hapo.

Ya tatu inafanya kitu tofauti: inakataa hela siku ya kutazama na kutoa siku tano za kufikiri. Wenye kumbi wengi huogopa hili, wakidhani mteja akitoka mlangoni amekwenda. Uzoefu wangu si huo. Wanaokuja kutazama mara nyingi si wenye uamuzi wa mwisho, kuna kamati, kuna baba mdogo aliyeko Mwanza, kuna mshenga. Siku tano zinawapa nafasi ya kikao kimoja. Ukiwa mkali kwamba Ijumaa jioni tarehe inarudi sokoni, na kweli ukairudisha, watalipa au watakuambia. Hatari ni kwako wewe mlegevu: ukishikilia bila kufuatilia, utajikuta umeshikilia Jumamosi tatu za Desemba kwa watu wasiorudi.

Kuhusu kughairi, hakuna kapsheni kati ya hizi iliyoandika "hairudishwi", na kwa makusudi. Neno hilo likikaa peke yake linatisha kuliko linavyolinda. Kama sera yako ni kuhamisha, sema hivyo: "Mkihamisha tarehe siku 60 kabla, malipo yanahama nayo." Mengine yakae kwenye mkataba, wausome wakiwa wamekaa.

Kazi inayobaki kwako

Kapsheni fupi inajaza inboksi. Utajibu swali lile lile la bei mara arobaini, na ukichelewa saa tatu mtu ameshakwenda kwingine. Kama una kijana wa kukaa kwenye simu, sawa. Kama ni wewe peke yako na huku unasimamia wapambaji, fikiri tena.

Bei wazi inapunguza maswali, lakini ukibadilisha bei, ile ya zamani bado inazunguka. Weka mwisho wake: "bei hizi ni kwa harusi hadi 31 Desemba 2026".

Ya tatu ndiyo yenye kazi kubwa, kwa sababu umeahidi tukio. Jumamosi ukumbi umepambwa kwa sababu jioni kuna harusi ya watu wengine. Hilo linataka ruhusa yao, linataka wageni wako wasipige picha pale majina ya maharusi wa siku hiyo yalipoandikwa, na linataka wapambaji wawe wamemaliza kabla ya saa 4 asubuhi. Wapambaji wa Dar kumaliza saa 4! Kama huna uhakika nao, andika Jumamosi "kuanzia saa 7 mchana". Jumapili unahitaji angalau meza tano na viti vyake ili upange kona moja kweli, watu waone upenyo kati ya viti kwa macho yao.

Kwa hali yako

Kama Jumamosi zako za Agosti hadi Desemba zimebaki mbili au tatu na jina lako linajulikana mjini, fupi inakutosha, ukiongeza tu ile tofauti ya ndani na kibarazani. Ikiwa unataka kupunguza inboksi, taja tarehe zilizobaki.

Kama unachotafuta ni kujaza siku zisizopendwa, Alhamisi, Jumapili jioni, au majira ambayo kumbi hupoa, andika bei. Mwaka 2026, kwa mfano, Jumatano ya Majivu iliangukia 18 Februari na Ramadhani ikaanza karibu siku hiyo hiyo, kwa hiyo Wakristo wengi na Waislamu walisimamisha harusi kwa pamoja. Anayefikiria tarehe ya kando ya majira hayo anawinda nafuu, na mtu anayewinda nafuu haji inboksi kuuliza. Anasoma namba na kuendelea.

Kama ukumbi ni mpya, au uko mbali kidogo na barabara kuu na watu wanaogopa kuja, au wateja wako wakubwa wanakuja na kamati nzima, tumia ya tatu. Ila uibandike siku kumi kabla, mwenyekiti wa kamati apate muda wa kujipanga.

Na kama una wateja mchanganyiko, hulazimiki kuchagua moja kwa kila mahali. Ya tatu inaenea vizuri Instagram, ambako kapsheni inaruhusu herufi 2,200 ingawa mistari michache tu ya mwanzo ndiyo inayoonekana kabla ya mtu kubonyeza, kwa hiyo tarehe na neno "kutazama" viwe juu. Ya kwanza iweke kwenye stetasi ya WhatsApp. Ya pili ichapishe kwenye karatasi, uiache juu ya ile meza ya Jumapili, kalamu ikiwa pembeni.